Mbwa wa kahawia kwenye nyasi kavu: maski ya chaneli inapogoma

Picha tutakayoitumia hapa ni ya kawaida kabisa, na ni ngumu. Mbwa mwenye manyoya ya kahawia yanayoelekea wekundu amekaa kwenye nyasi zilizokauka. Jua linatoka kushoto, kwa hiyo ubavu mmoja wa mbwa unang'aa na mwingine umo kivulini, na nyasi nazo ziko hivyo hivyo. Kifua chake kina baka jeupe. Ukijaribu kumchagua kwa zana za haraka, uchaguzi unamwagikia kwenye nyasi upande mmoja na kumla mbwa sikio upande wa pili. Ndipo mtu anapokwenda kwenye chaneli, anafungua Curves, anavuta mstari huku na huku, na bado maski haitoki.

Mara nyingi kosa haliko mkononi, liko kwenye matarajio. Curves haizalishi tofauti kati ya mbwa na nyasi. Inachukua tofauti iliyopo na kuivuta iwe kubwa zaidi, na ikivuta hiyo inavuta pia chengachenga, mabaka ya JPEG na kila kasoro iliyolala humo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua tofauti imekaa wapi, na kazi hiyo hufanywa kwa namba, si kwa macho. Jicho hulinganisha kila rangi na ile iliyo jirani yake, hivyo linadanganyika kirahisi.

Majina ya menyu yaliyomo humu ni ya Photoshop. Pale GIMP inapofuata njia tofauti, tumeeleza.

## Pima kwanza

Chukua zana ya Color Sampler na uweke Sample Size kuwa 5 by 5 Average, ili pikseli moja yenye kasoro isikupe namba ya uongo. Weka vipimo vinne: manyoya yaliyo juani, manyoya yaliyo kivulini, nyasi za juani na nyasi za kivulini. Viweke karibu na ukingo wa mbwa, kwa sababu ukingoni ndiko maski itakakofanya kazi. Katikati ya tumbo hakuna cha kupima. Fungua paneli ya Info usome namba. Kwa picha yetu zinatoka hivi:

```
                    R     G     B    R-G
manyoya, jua       172   116    78    56
manyoya, kivuli    126    85    57    41
nyasi, jua         178   156   104    22
nyasi, kivuli      130   114    76    16
```

Kaa na jedwali hili kidogo kabla ya kugusa kitu kingine. Karibu kila tatizo linalofuata limeshaandikwa humo.

## Dalili: chaneli nyekundu inaonyesha kijivu kitupu

Ukifungua paneli ya Channels na kubofya Red, mbwa karibu anapotea. Namba zinasema kwa nini: juani ni 172 dhidi ya 178, kivulini ni 126 dhidi ya 130. Tofauti ya hatua 4 au 6 kati ya 255 ni ndogo kuliko mtikisiko wa manyoya yenyewe, ambapo unywele mmoja na ule wa jirani unaweza kupishana kwa hatua 20. Hakuna Curves itakayookoa chaneli hiyo. Iache.

Watu wengi wakiona hivyo huhamia Blue kwa mazoea, kwa sababu mafunzo mengi ya kukata nywele huanzia huko. Mazoea hayo yanafaa kwa nywele nyeusi mbele ya anga la buluu. Kwenye rangi za udongo, mbao, ngozi, manyoya na majani makavu, Blue mara nyingi ndiyo chaneli chafu kuliko zote, na sababu yake tutaifikia. Hapa Green ndiyo yenye pengo kubwa: juani 116 dhidi ya 156, yaani hatua 40, na kivulini 85 dhidi ya 114, hatua 29.

Kwa mtu ambaye hajapima, jibu sasa linaonekana wazi: rudufu Green, vuta Curves, kazi imekwisha. Na hapo ndipo picha nyingi za aina hii hukwama.

## Dalili: maski ni nzuri upande mmoja, upande wa pili imegeuka

Umerudufu Green. Umevuta mstari wa Curves hadi ubavu wa juani ukajitenga vizuri, mbwa mweusi na nyasi nyeupe. Ukitazama upande wa kivuli, nyasi zimekuwa nyeusi pamoja na mbwa. Ukirekebisha kwa ajili ya kivuli, ubavu wa juani unakuwa mweupe pamoja na nyasi. Ukivuta huku, kule kunaharibika.

Rudi kwenye jedwali. Manyoya ya juani yana G 116. Nyasi za kivulini zina G 114. Kwa chaneli ya Green, vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Mstari wa Curves unajua jambo moja tu: pikseli yenye thamani hii iwe thamani ile. Haujui pikseli iko wapi wala ni ya nani. Kwa hiyo pikseli ya 116 iliyo ya mbwa na pikseli ya 114 iliyo ya nyasi zitakwenda pamoja popote utakapozipeleka, hata uchore mstari wa namna gani.

Kiini cha tatizo ni kwamba kila chaneli ya RGB imebeba mambo mawili kwa pamoja: rangi ya kitu na kiasi cha mwanga kilichokiangukia. Mwanga ukipungua kwa nusu, namba za picha ya sRGB hushuka hadi kama asilimia 73 ya zilivyokuwa, na hushuka hivyo katika chaneli zote tatu. Angalia: 172 mara 0.73 ni 126, 116 mara 0.73 ni 85. Mshuko huo wa mwanga ni mkubwa kuliko tofauti ya rangi tunayoitafuta, ndiyo maana unaifunika.

Dawa yake ni kutoa chaneli moja kutoka kwa nyingine. Kwa kuwa mwanga umo katika zote mbili, sehemu kubwa yake hujifuta, na kinachobaki ni rangi. Tazama safu ya mwisho ya jedwali. Manyoya, yawe juani au kivulini, yako kati ya 41 na 56. Nyasi, ziwe juani au kivulini, ziko kati ya 16 na 22. Makundi hayo hayagusani tena. Mwanga haujafutika wote, ndiyo maana kivulini namba ni ndogo kidogo, lakini pengo la kutosha limebaki.

Katika Photoshop, fungua Image > Calculations. Source 1 iwe chaneli ya Green, Source 2 iwe Red, Blending iwe Subtract, Scale 1 na Offset 128, kisha Result iwe New Channel. Ile 128 ni ya lazima. Bila hiyo, popote G inapoizidi R hesabu inashuka chini ya sifuri na kukatwa kuwa nyeusi tupu, na maelezo yaliyokuwa hapo hayarudi. Ukiiongeza, thamani zote zinahamia katikati ya kipimo: manyoya yanakuwa kati ya 169 na 184, nyasi kati ya 144 na 150. Ikiwa umebadilisha nafasi za chaneli na mbwa akatoka mweusi kuliko nyasi, bonyeza Ctrl+I kugeuza, hakuna kilichoharibika.

Katika GIMP, tumia Colors > Components > Decompose, chagua RGB, na weka alama kwenye Decompose to layers. Faili mpya ya kijivu itafunguka ikiwa na leya tatu. Ficha ya buluu, weka ya kijani juu ya nyekundu, na hali ya leya ya kijani iwe Grain extract. Hali hiyo inafanya hesabu ile ile: leya ya chini kutoa ya juu, ongeza 128. Kisha Layer > New from Visible ikupe matokeo katika leya moja.

Utakachokiona mwanzoni kitakukatisha tamaa, kwa sababu ni picha ya kijivu iliyopauka ambayo mbwa wake anaonekana kama mvuke. Usiitupe. Tazama kama ubavu wa kivuli na ubavu wa jua sasa vinalingana kwa weupe. Vikilingana, umeshapata ulichokitaka, na sasa ndipo Curves ina kazi ya kufanya.

## Dalili: ukingo umekuwa meno ya msumeno

Ukiwa kwenye chaneli mpya, bonyeza Ctrl+M kufungua Curves. Kama kipimo kinaonyesha asilimia za wino, fungua mipangilio ya dirisha hilo uchague Light (0-255), ili namba ziwe zile zile ulizozipima.

Kishawishi ni kuweka nyasi zote sifuri na mbwa wote 255 kwa mara moja: 150 iende 0, 169 iende 255. Hesabu mwinuko wa mstari huo. Umechukua hatua 19 ukazitandaza kwenye 255, yaani kila tofauti imezidishwa mara 13 na zaidi. Ukingo wa unywele ni laini kwa asili yake. Kutoka kwenye unywele hadi kwenye nyasi kuna pikseli mbili au tatu za mpito, zenye thamani za kati kama 154, 160, 165. Chini ya mwinuko mkali kama huo, karibu zote zinarushwa upande huu au ule, na unywele uliokuwa umeyeyuka kuingia kwenye nyasi unakatwa kama kwa wembe. Hayo ndiyo meno ya msumeno unayoyaona ukikuza picha hadi asilimia 200.

Panua nafasi. Weka nukta ya kwanza Input 145, Output 0, na ya pili Input 175, Output 255. Mwinuko sasa ni mara 8.5. Nyasi za juani, zilizokuwa 150, zinaishia kama 42 badala ya sifuri, na manyoya ya kivulini, yaliyokuwa 169, yanaishia 204 badala ya 255. Maski haijakamilika na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Usimalize kazi yote kwa Curves. Iachie brashi sehemu ya mwisho.

Brashi hiyo iwe na Mode ya Overlay, Opacity asilimia 15 hadi 20, ukingo laini. Rangi nyeupe kwa upande wa mbwa, nyeusi kwa upande wa nyasi. Overlay inafaa hapa kwa sababu haigusi nyeusi tupu wala nyeupe tupu: sifuri ikipakwa nyeupe inabaki sifuri. Inasukuma kijivu tu kuelekea rangi unayopaka. Kwa hiyo unaweza kupita juu ya nywele zenyewe, mpako mmoja hadi mitatu, nafasi kati ya unywele na unywele ikazidi kuwa nyeusi ilhali unywele unabaki. Opacity ikiwa asilimia 100, mpako mmoja tu wa nyeupe unafanya kila kijivu kilichozidi nusu kuwa nyeupe kamili, na unarudi pale pale kwenye msumeno.

Zana za Dodge na Burn zinafanya kazi inayofanana. Burn iwe kwenye Shadows na Dodge kwenye Highlights, Exposure kama asilimia 10. Binafsi tunapendelea brashi ya Overlay kwa kuwa ni zana moja, na unageuza upande kwa kubonyeza X.

## Dalili: maski imejaa chengachenga, matundu au miraba

Kuna kasoro tatu hapa zinazochanganywa sana, ingawa zina asili tofauti.

Chengachenga, yaani vijidoti vidogo vilivyotapakaa kila mahali, ni za sensa ya kamera. Sensa nyingi zina vichujio vya Bayer, ambapo nusu ya vijicho vyote ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Kijani kina taarifa mara mbili. Chini ya mwanga wa manjano, buluu inayofika ni kidogo zaidi, hivyo kamera huikuza kwa nguvu ili kusawazisha rangi, na ikiikuza inakuza pia uchafu wake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuiogopa Blue kwenye picha za rangi ya udongo.

Miraba, ile inayoonekana kama vigae vilivyopangwa, ni ya JPEG. JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutenganisha mwangaza na rangi. Mwangaza hutunzwa vizuri zaidi. Rangi hubanwa zaidi, na faili nyingi huitunza kwa nusu ya ukubwa kila upande, kwa hiyo pikseli nne zinagawana rangi moja. Sasa tazama mwangaza huo unavyohesabiwa:

```
Y = 0.299 R + 0.587 G + 0.114 B
```

Blue imechangia kidogo mno kwenye sehemu iliyotunzwa vizuri. Picha inapofunguliwa, sehemu kubwa ya chaneli hiyo inajengwa upya kutoka kwenye rangi iliyobanwa. Na hapa kuna bei ya kulipa ambayo lazima isemwe waziwazi: R kutoa G nayo ni taarifa ya rangi karibu tupu. Tumefuta mwangaza kwa makusudi. Kwa hiyo ukingo wa chaneli yetu mpya hautakuwa mkali kuliko pikseli mbili mbili ikiwa faili ni JPEG ya aina hiyo. Kama faili ghafi ya kamera ipo, anza nayo, itoe kama TIFF ya biti 16 bila kunoa, na sehemu kubwa ya tatizo inaondoka. Kubadilisha JPEG kuwa biti 16 baada ya kuifungua hakurudishi kilichopotea. Kunasaidia tu ili Curves isiongeze ngazi mpya juu ya zilizopo, na kwa hilo peke yake inafaa kufanywa.

Kama JPEG ndiyo pekee uliyo nayo, lainisha chaneli kabla ya kuvuta Curves: Filter > Noise > Median, Radius 1, au 2 kwa faili kubwa. Mpangilio huo wa kazi una maana. Kabla ya Curves, chengachenga ni kijidoti kinachotofautiana na jirani zake kwa hatua 5. Median inakifuta bila kuugusa ukingo kwa kiasi kikubwa. Baada ya Curves ya mara 8.5, kijidoti hicho kimekuwa cha hatua 42, na cha kukifuta kitakula ukingo pia. Median ikizidi 2, nywele nyembamba huanza kutoweka. Ukiona ncha za masikio zimekuwa mviringo, umepita kiasi.

Matundu ni jambo jingine, na kwenye mbwa wetu yatatokea mahali pamoja: kifuani. Lile baka jeupe lina takriban R 220, G 212, B 200. R kutoa G inabaki 8. Kumbuka nyasi zina 16 hadi 22. Maana yake ni kwamba kwa kipimo chetu kipya, kifua cheupe ni "nyasi kuliko nyasi" na kitatoka cheusi tii. Njia hii hupima rangi, na kitu kisicho na rangi, kiwe cheupe, cheusi au kijivu, hakina cha kupimwa. Sharubu nyeupe, kucha na mng'ao wa jua kwenye pua vitapotea vivyo hivyo.

Kwa sehemu hiyo rudi kwenye chaneli ya Green tuliyoikataa mwanzo. Kifuani ina 212 dhidi ya nyasi za 156 jirani yake, pengo la hatua 56 ambalo ni kubwa kuliko lolote tulilolipata. Rudufu Green, weka Curves Input 160, Output 0 na Input 205, Output 255, kisha paka nyeusi kila mahali isipokuwa kifuani na kwenye sharubu. Unganisha na ile ya kwanza kwa Calculations, Blending iwe Lighten. Inachukua kilicho cheupe zaidi kati ya chaneli mbili, na kifua kinajaza tundu lake.

## Dalili: kila ukirekebisha hapa, pale panaharibika

Hii ndiyo dalili ya mtu anayetaka chaneli moja ifanye kazi ya picha nzima. Haihitajiki. Mwili wa mbwa ndani ya ukingo unaweza kuujaza nyeupe kwa Lasso na Edit > Fill. Nyasi zilizo mbali unaweza kuzijaza nyeusi kwa njia hiyo hiyo. Kinachobaki ni utepe wa upana wa pikseli 20 hadi 40 unaomzunguka, na ni utepe huo tu unaohitaji chaneli.

Tena, utepe huo unaweza kukatwa vipande. Mgongo uliopigwa na jua una nyasi za kivulini nyuma yake, hapo R kutoa G inatamba. Kifua kina Green yake. Sikio la kushoto linapitiwa na jua kwa nyuma na limekuwa la chungwa: pima upya, huenda pengo lake ni kubwa kiasi kwamba Curves laini kabisa inatosha. Chagua kila kipande kwa Lasso yenye Feather ya pikseli 5, fungua Ctrl+M, rekebisha kipande hicho peke yake. Feather inazuia mshono usionekane kati ya kipande na kipande.

Na kuna vipande ambavyo havina chaneli. Chini ya tumbo, miguu inapokutana na kivuli kizito, mbwa na ardhi vyote viko kwenye R 20, G 14, B 10 hivi. Toa chaneli yoyote kutoka kwa yoyote, kati ya mbwa na ardhi unapata tofauti ya hatua 1 au 2, na hiyo ni chengachenga. Hali ni hiyo hiyo kwenye kitu cheupe mbele ya ukuta mweupe ambapo vyote vimefika 255: hakuna kilichobaki cha kuvuta. Hapo chora kwa Pen. Anatomia itakuongoza, kwa sababu mguu una umbo linalotabirika na manyoya ya mguuni ni mafupi. Geuza njia kuwa uchaguzi kwa Feather ya pikseli 0.5 hadi 1, ili ukingo wake ulingane na ulaini wa picha, kisha ujaze kwenye chaneli ile ile.

## Vipi kuhusu Lab?

Ni ndugu wa njia hii hii. Image > Mode > Lab Color inatenga mwangaza kwenye Lightness, na kuacha chaneli ya a kupima kijani dhidi ya wekundu wa magenta na ya b kupima buluu dhidi ya manjano. Mbwa wetu angetoka kwenye a, kwa sababu ni mwekundu kuliko nyasi. Tumia Lab pale ambapo hakuna jozi ya RGB iliyokupa pengo, hasa vitu viwili vikipishana kwenye manjano na buluu, ambapo b huona vizuri. Fanya hivyo kwenye nakala ya faili, Image > Duplicate, na ukiwa kwenye biti 16, kwa sababu a na b kwa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya kipimo na huchanika upesi ukizivuta. Katika GIMP, Decompose ina chaguo la LAB. Maski ikishapatikana, irudishe kwenye faili ya asili kwa Select > Load Selection, ambapo nakala itaonekana kwenye orodha ya Document mradi ukubwa wa pikseli haujabadilika.

## Dalili: mbwa ametoka, lakini picha imegeuka rangi

Umebofya chaneli ya Green yenyewe, si nakala yake, ukaivuta Curves. Chaneli za R, G na B ndizo picha. Ukiziharibu, rangi inaharibika. Rudi nyuma kwenye History, buruta chaneli hadi kwenye alama ya kuongeza chini ya paneli, na ufanye kazi kwenye Green copy. Sababu ya pili ni leya ya muda ya Curves iliyowekwa ili kuongeza tofauti kabla ya kurudufu chaneli, ikasahaulika bila kuzimwa. Maski ikishapatikana, leya hiyo haina kazi tena, ifute.

## Dalili: kwenye mandhari mpya, mbwa ana ukungu wa manjano

Maski iko sawa, lakini ukimweka mbwa mbele ya buluu, nywele za ukingoni zinang'aa rangi ya nyasi. Pikseli ya ukingoni ni mchanganyiko:

```
C = a·F + (1 − a)·B
```

C ni rangi unayoiona, F ni ya unywele, B ni ya nyasi, na a ni sehemu iliyochukuliwa na unywele. Chaneli imekupa a pekee. Rangi ya nyasi bado imo ndani ya pikseli, na hakuna kuvuta Curves kwenye maski kutakakoitoa. Ukiikaza maski ili kuuficha ukungu, unapoteza nywele ulizozihangaikia.

Rekebisha rangi, si maski. Unda leya mpya juu ya mbwa, ifunge kwake kwa Ctrl+Alt+G, hali yake iwe Color. Ukiwa na brashi, shika Alt ubofye manyoya yaliyo ndani kidogo ya ukingo, pikseli 15 hivi, kisha paka nje kwenye nywele zenye manjano. Chukua rangi upya kila unaposogea, kwa sababu ya mgongoni si ya shingoni. Color inabadilisha rangi na kuacha mwangaza, kwa hiyo umbo la unywele linabaki. Ikiwa mandhari mpya ni nyeusi sana na nywele bado zinang'aa kupita kiasi, ongeza leya nyingine iliyofungwa, hali ya Multiply, upake rangi hiyo hiyo kwa Opacity ya asilimia 20. Decontaminate Colors iliyomo ndani ya Select and Mask hufanya jambo linalofanana kwa haraka. Lakini pale rangi mbili zilipokuwa karibu tangu mwanzo, huvuta rangi kutoka mahali pasipo sahihi na kuacha mabaka, hivyo ijaribu ukiwa na Output ya New Layer with Layer Mask ili ya asili ibaki salama.

Kabla ya kuridhika, weka chini ya mbwa leya tatu za rangi tupu: nyeupe, nyeusi na buluu ya wastani. Washa moja moja huku ukizunguka ukingo wote kwa ukubwa wa asilimia 100. Nyeupe itakuonyesha nyasi zilizobaki gizani, nyeusi itakuonyesha ukungu, na buluu, kwa kuwa iko ng'ambo ya manjano, itakuonyesha kila unywele ambao rangi yake haijasafishwa.